Kuficha mikwaruzo ya juujuu kwenye samani za mbao nyeusi kwa mafuta na nta

Meza ya mahogani iliyopakwa vanishi ya kahawia iliyoiva huonyesha kila kitu. Sahani iliyoburutwa, kishikizo cha mkoba, ukucha wa paka, vyote huacha mstari mweupe ambao kwenye mbao za rangi hafifu hata usingeuona. Ukipaka tone la mafuta ya nazi mstari unapotea papo hapo, na ndiyo maana ushauri huo umeenea kila nyumba. Shida huanza wiki moja baadaye. Mstari umerudi, safari hii ukiwa na ukingo mweusi wa vumbi, na meza inanata mkononi.

Mafuta yenyewe hayana kosa, ila kazi imeachwa nusu. Mafuta huficha mkwaruzo lakini hayawezi kukaa mahali pake, hasa katika hewa ya Mombasa yenye joto, unyevu na chumvi. Kinachokaa ni nta. Kama mkwaruzo umefika kwenye mti wenyewe, rangi inahitajika pia, tena kabla ya mafuta, si baada yake. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, na meza ya kulia chakula ndiyo mfano wetu. Sakafu ina sheria zake, nayo tumeiweka mwisho.

Kwa nini mstari ni mweupe juu ya mbao nyeusi

Mara nyingi mti haujaguswa kabisa. Kilichokwaruzwa ni vanishi. Vanishi ikiwa laini, nuru hupita ndani yake, hufika kwenye mti na kurudi na rangi ya mti. Ikichanika, kingo zake ndogo ndogo na hewa iliyoingia kati yake hutawanya nuru kila upande, na jicho huona weupe. Ni sawa na kioo cha dirisha la bafu kilichokwaruzwa makusudi ili kisionyeshe ndani: ukikimwagia maji unaona hadi upande wa pili, kikikauka kinarudi kuwa cheupe.

Mafuta hufanya vivyo hivyo. Huifukuza hewa kutoka kwenye mkwaruzo, na kwa kuwa hupitisha nuru karibu sawa na vanishi, kingo hazionekani tena. Maana yake ni kwamba mkwaruzo haujapona. Uko palepale, umejazwa tu. Kilichoujaza kikitoka, weupe unarudi. Kwa hiyo swali la maana si mafuta gani yanaficha, kwa sababu karibu yote yanaficha. Swali ni kitu gani kitabaki ndani ya mkwaruzo baada ya kufutwa kwa kitambaa mara thelathini.

Pima kabla ya kufungua chupa

Vipimo viwili vinatosha, na vyote havihitaji kununua kitu.

Cha kwanza ni ukucha. Upitishe polepole ukikata mkwaruzo, usiufuate. Usipohisi kitu, mkwaruzo uko kwenye vanishi peke yake. Ukihisi ukucha unagusa kidogo na kupita, vanishi imekatika na huenda mti umeguswa. Ukucha ukikwama kabisa, huo ni mfereji. Mafuta na nta vitaupunguza makali lakini havitauficha, na hapo kazi ni ya fundi seremala mwenye msasa na vanishi.

Cha pili ni kidole chenye maji. Lowesha ncha ya kidole, pitisha juu ya mkwaruzo, kisha tazama kwa pembeni kuelekea dirishani. Kama mstari umepotea ukiwa na maji, mafuta na nta vitatosha. Kama bado unaona mstari wa rangi hafifu hata ukiwa umelowa, rangi ya mbao imetoka na itabidi uirudishe. Futa maji mara moja. Kipimo hiki kinakuokolea muda mwingi kuliko kingine chochote humu, kwa sababu kinakuonyesha matokeo kabla hujapaka kitu.

Tazama pia maji yanavyokaa. Yakijikusanya kama shanga, vanishi bado ipo. Yakinywewa na sehemu ikawa nyeusi, mbao iko wazi, nayo itanyonya mafuta mengi na kuwa nyeusi kuliko ulivyotarajia.

Kuna jambo moja la kuamua hapa. Kama una mpango wa kumwita fundi apake vanishi upya miezi michache ijayo, usiguse mafuta wala nta. Vanishi mpya haishiki juu yake. Huacha vitundu vya mviringo au hubanduka, na fundi atalazimika kusugua mpaka kwenye mti ili kuyatoa.

Mafuta: yapi, na kiasi gani

Mafuta ya nyumbani yanatofautiana katika jambo moja tu ambalo ni muhimu kwetu: yanakauka au hayakauki.

Mafuta ya nazi hayakauki kamwe. Faida yake ni kwamba hayachachi upesi kama mengine. Lakini huganda kwenye joto la nyuzi 24 hivi, na Mombasa mchana karibu mwaka mzima ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo hubaki majimaji, hutambaa nje ya mkwaruzo na kushika vumbi. Mafuta ya mzeituni nayo hayakauki, tena hupata harufu.

Mafuta ya alizeti na ya ufuta ndiyo tungeyakwepa kabisa. Hayakauki sawasawa, wala hayabaki majimaji. Yanageuka gundi. Ule unato wa kahawia unaouona juu ya kifuniko cha chupa ya mafuta jikoni ndio utakaoupata mezani, na kuutoa ni kazi kubwa. Zaidi ya hayo, mafuta yoyote ya chakula huwavutia sisimizi na mende.

Mafuta ya watoto yasiyo na rangi, yale ya madini yanayouzwa duka la dawa, hayakauki lakini hayachachi wala hayanuki chakula. Kwa mkwaruzo ulio kwenye vanishi peke yake, utakaofunikwa na nta muda mfupi baadaye, haya ndiyo salama zaidi.

Mafuta ya linsidi yanayouzwa kwenye hadwea ndiyo pekee katika orodha hii yanayokauka kweli na kuwa tabaka gumu. Chukua yaliyoandikwa kuwa yamechemshwa, kwani yale mabichi huchukua wiki. Yaliyochemshwa hukauka ndani ya siku moja au mbili mahali pakavu, lakini msimu wa mvua za masika uyape siku tatu au zaidi. Yanafaa pale mti wenyewe umeguswa. Hatari yake ni kubwa na watu wengi hawaijui: kitambaa kilicholowa linsidi kikikunjwa na kutupwa kwenye pipa hujipasha joto chenyewe hadi kuwaka, bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke kikiwa kimoja kimoja, au kitie kwenye kopo la maji lenye kifuniko kabla ya kukitupa.

Watu huuliza kuhusu siki na mafuta vikichanganywa. Katika mchanganyiko huo kinachoficha mkwaruzo ni mafuta. Siki husafisha kidogo tu, na ikiguswa na chuma kisha ikafika kwenye mbao iliyo wazi kama mvule au mahogani, huacha doa jeusi lisilofutika. Hatuoni sababu ya kuitumia.

Kiasi ni kidogo kuliko unavyodhani. Kwa mkwaruzo wa urefu wa kiganja, matone mawili au matatu kwenye kitambaa. Robo ya kijiko cha chai inatosha meza nzima ya watu sita.

Nta yenyewe

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo jua la Mombasa haliiyeyushi ndani ya nyumba. Inapatikana kwa wauza asali. Ombeni iliyochujwa, kwa maana ile ya giza yenye mabaki ya masega huacha chembe mezani. Mshumaa mweupe wa kawaida unaweza kujaza mkwaruzo pia, lakini ni mkavu, humeguka, na kwenye mbao nyeusi chembe zake nyeupe hukaa kwenye vinyweleo vya mbao na kuonekana zaidi ya mkwaruzo wenyewe.

Kwa kopo dogo litakalokutosha muda mrefu, chukua kipande cha nta chenye ukubwa wa kiberiti, yaani karibu gramu 25, na vijiko vitano vya chakula vya tapentaini, ambavyo ni kama mililita 75. Yaani sehemu moja ya nta kwa tatu za tapentaini. Bara kwenye baridi watu huweka hata moja kwa nne, lakini hapa mchanganyiko huo huwa laini mno.

Kwaruza nta kwa kikwaruzo cha jikoni au kisu, itie kwenye kopo safi, kisha weka kopo ndani ya sufuria yenye maji ya moto kiasi cha vidole viwili. Usiweke kopo juu ya moto moja kwa moja. Nta ikiyeyuka yote, zima moto. Toa kopo, lipeleke nje, mbali na jiko, na ndipo umimine tapentaini ukikoroga kwa kijiti. Hatua hii haina mchezo: mvuke wa tapentaini hushika moto kwenye nyuzi thelathini na kitu tu, ambalo kwa Mombasa ni joto la mchana wa Februari. Ikiganda mabongemabonge, lirudishe kopo kwenye yale maji ya moto, moto ukiwa umezimwa, ukoroge tena. Ikipoa itakuwa kama samli iliyoganda. Funga kifuniko.

Ambaye hataki tapentaini nyumbani anaweza kuyeyusha kipande kilekile cha nta na vijiko vitatu vya mafuta ya nazi. Inafanya kazi, lakini tapentaini huruka na kuacha nta tupu, wakati nazi hubaki ndani milele na kuifanya nta iwe laini. Utapaka mara nyingi zaidi, na huo ndio bei yake.

Kuna njia ya mkato ambayo hatuidharau: rangi ya viatu ya kahawia ya kopo, ile ngumu, si ile ya majimaji. Ndani yake mna nta, kiyeyushi na rangi, yaani karibu kila kitu tunachohitaji. Kasoro yake ni kwamba rangi hutoka kwenye nguo. Itumie ndani ya mkwaruzo, si juu ya kiti ambacho mtu ataketi na kanzu nyeupe.

Kazi kwenye meza

Tuchukue meza ya mahogani yenye vanishi ya kahawia nyekundu, ya watu sita. Katikati kuna mikwaruzo mingi myembamba ya sahani, ukucha hauihisi. Upande mmoja kuna mstari wa sentimita 18, ukucha unaugusa kidogo, na ukiulowesha bado unabaki na rangi ya mbao mbichi kwa sehemu ya kama sentimita 5. Hivyo tuna hali mbili kwenye meza moja, na haziendi kwa dawa moja.

Anza asubuhi mapema au jioni, mbao ikiwa imepoa. Meza iliyo karibu na dirisha la jua la saa saba hukausha kiyeyushi kabla hujaisambaza nta, nayo hukaa mabaka mabaka.

Safisha kwanza. Maji ya uvuguvugu lita moja, nusu kijiko cha chai cha sabuni ya vyombo, kitambaa kilichokamuliwa hadi hakidondoki. Pwani kuna utando wa chumvi na vumbi hata kwenye meza inayofutwa kila siku, na ukipaka mafuta juu yake unaufungia ndani. Futa tena kwa kitambaa cha maji matupu, kausha, acha saa moja feni ikiwaka. Kama meza imezoea kupulizwa polishi ya kopo, pitisha kitambaa chenye tapentaini kidogo ili kuitoa, madirisha yakiwa wazi.

Sasa rangi, kwa zile sentimita 5 pekee. Changanya kijiko kimoja cha chai cha kahawa ya unga inayoyeyuka na vijiko viwili vya chai vya maji ya moto, upate wino mzito. Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kuchanganya kahawa na mafuta. Kahawa haiyeyuki kwenye mafuta. Unachopata ni mafuta yenye chembe za unga, yanayopendeza kwenye kikombe na kufanya kidogo mezani. Na ukitanguliza mafuta, mbao haitapokea tena kitu chochote chenye maji, ndiyo maana rangi huja kwanza.

Chovya ncha ya kijiti cha pamba cha masikio, ikamue kidogo, ufuatishe mstari. Ngoja dakika moja, futa kilichozidi kwa kitambaa chenye unyevu. Kahawa hushika mti ulio wazi tu, juu ya vanishi inafutika, kwa hiyo huna haja ya kuogopa ukitoka nje ya mstari. Acha ikauke nusu saa, kisha lowesha kidole na ulinganishe. Linganisha ikiwa imelowa, kwa sababu mafuta na nta vitaitia giza kwa kiwango hicho hicho. Ukilinganisha ikiwa kavu utaongeza rangi hadi uwe na mstari mweusi badala ya mweupe, na kuondoa ni vigumu kuliko kuongeza. Rudia mara mbili au tatu ikibidi.

Kahawa ina rangi ya kahawia iliyofifia, inapatana na mvule. Kwenye mahogani inaweza kuonekana kama haina damu. Dawa yake iko kwenye hatua ya nta: changanya rangi ya viatu ya kahawia na chembe ya ile ya hudhurungi nyekundu, kiasi cha punje ya mchele, ndani ya nta utakayotia kwenye mstari ule.

Kisha mafuta. Kwa mikwaruzo ya katikati tumia mafuta ya watoto, matone machache kwenye kitambaa cha pamba cha zamani. Leso iliyochakaa ni nzuri kwa kuwa haiachi nyuzi. Sugua kwanza ukikata mikwaruzo ili mafuta yaingie, kisha malizia ukifuata mkondo wa mbao. Kwa ule mstari wa upande, tone moja la linsidi kwa ncha ya kidole. Ngoja dakika kumi na tano, halafu futa vyote kwa kitambaa kikavu, ugeuze upande, ufute tena. Bonyeza kidole mahali pasafi. Kikiacha alama ya ukungu, bado kuna mafuta juu na hujamaliza kufuta. Hatua hii ya kufuta ndiyo inayoamua kama nta itashika, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Sehemu ya mafuta ya watoto inaweza kupata nta siku hiyohiyo. Sehemu ya linsidi iache siku mbili au tatu, mpaka isinate.

Nta huenda hivi. Chukua kiasi cha punje ya mbaazi kwa eneo la kiganja viwili. Sugua kwa mizunguko midogo, kisha ukate mikwaruzo ili isukumwe ndani, mwisho fuata mkondo wa mbao. Ngoja dakika kumi na tano hadi ishirini mpaka uso uwe na ukungu hafifu. Sasa sugua kwa kitambaa kingine safi, kwa kasi na bila kukandamiza sana, mpaka kitambaa kiteleze bila kukwama. Kesho yake rudia tabaka la pili jembamba. Tabaka mbili nyembamba hushinda moja nene kila mara, kwani nta nene haikauki katikati.

Meza isilazwe kikombe cha chai ya moto bila kitambaa chini. Kikombe kilichotoka kwenye birika kina joto la kuilainisha nta, na duara litabaki. Kwa kufuta kila siku tumia kitambaa kikavu au chenye unyevu kidogo tu, bila sabuni. Meza inayoliwa kila siku itahitaji nta upya baada ya miezi miwili au mitatu. Kabati au kitanda cha samadari, mara moja au mbili kwa mwaka.

Ikienda vibaya

Uso ukinata kesho yake, nta ilikuwa nyingi au mafuta hayakufutwa. Lowesha kitambaa kwa tapentaini kidogo, futa, acha ikauke, paka upya nusu ya kiasi cha awali. Usiongeze nta juu ya nta inayonata.

Mstari ukirudi kuwa mweupe ndani ya siku chache, mafuta yametoka na nta haikuingia. Sababu ya kawaida ni kusugua ukifuata mkwaruzo badala ya kuukata. Ukirudi na ukingo mweusi, hilo ni vumbi lililonaswa na mafuta: safisha kwa tapentaini ukitumia mswaki laini wa zamani, halafu anza tena na nta bila mafuta.

Vitone vyeusi vikitokea siku kadhaa baadaye, uliza kama mtu alitumia waya wa kusugulia sufuria kulainisha meza. Vipande vidogo vya chuma hubaki kwenye vinyweleo vya mbao, hupata kutu katika unyevu wetu, na kutu ikikutana na asili ya mti kama mvule au mahogani hugeuka nyeusi kama wino. Kama lazima ulainishe, tumia msasa wa maji namba 600 au zaidi, kwa mguso mwepesi, ndani ya mkwaruzo pekee.

Makasha ya zamani yenye njumu za shaba yanastahili tahadhari ya peke yake. Mafuta yanayochacha huila shaba na kuacha utando wa kijani kuzunguka kila njumu, nao huingia kwenye mbao. Funika njumu kwa utepe wa karatasi, tumia nta yenye tapentaini bila mafuta kabisa, na usiweke kahawa wala rangi ya viatu. Weusi wa kasha la miaka mingi ni sehemu ya thamani yake, na mkwaruzo uliokolezwa rangi ya leo utaonekana daima.

Meza za kisasa zenye uso wa karatasi iliyochapishwa mfano wa mbao ni habari nyingine. Hazina mti wa kunyonya chochote. Mafuta yataficha kwa saa chache tu. Jaza kwa krayoni ya nta ya rangi inayolingana na uache hapo.

Sakafu ya mbao

Usipake mafuta sakafuni, hata yale ya linsidi, isipokuwa sakafu yenyewe ilimalizwa kwa mafuta tangu mwanzo. Sababu ya kwanza ni usalama. Sakafu yenye mafuta huteleza, na katika nyumba ambamo watu hutoka kutawadha miguu ikiwa na maji, itaangusha mtu mzima siku ya kwanza. Ya pili ni mchanga. Pwani mchanga huingia na kila kandambili. Mafuta huushika, na kila hatua inausugua kwenye vanishi kama msasa, hivyo unatibu mkwaruzo mmoja na kuzaa ishirini.

Kinachofaa ni nta ngumu, ndani ya mkwaruzo peke yake. Kabla ya yote fagia kwa ufagio laini, kisha pitisha kitambaa chenye unyevu, kwa maana punje moja ya mchanga chini ya kitambaa chako itaandika mistari mipya unaposugua.

Tengeneza kijiti cha nta kwa kuyeyusha, kwenye maji ya moto kama tulivyoeleza, sehemu tatu za nta ya nyuki na sehemu moja ya krayoni ya kahawia iliyokatwakatwa, bila tapentaini wala mafuta. Mimina kwenye mrija wa karatasi, acha igande, toa karatasi. Sugua kijiti ukikata mkwaruzo, mara kadhaa, hadi ujae. Chukua kadi ya benki iliyokwisha muda, ishike kwa pembe, uvute ukifuata mkondo wa mbao ili ukate kilichozidi. Malizia kwa kitambaa kikavu.

Jaribu kwa kuvaa soksi kavu na kutelezesha mguu. Sehemu iliyotiwa nta isitofautiane na jirani yake. Ikiteleza zaidi, kuna nta juu ya vanishi. Ipitishe kadi tena, kisha kitambaa chenye tone la tapentaini kilichozungushwa kidoleni, ukikwepa mkwaruzo wenyewe.

Usitumie njia hii kwenye njia ya mlango wa bafu wala chini ya dirisha linalopigwa na mvua ya kusi. Nta inayolala na maji huwa nyeupe, na utarudi ulikoanza. Mahali hapo ni pa vanishi ya sakafu, na kama utamwita fundi aipake, mwambie wapi uliweka nta ili apasafishe kwa tapentaini na msasa kabla ya kuanza. Chini ya viti nako, bandika vipande vya kitambaa kizito au sponji kwenye miguu ya kila kiti siku hiyohiyo ya kutia nta, kisha uvibadilishe vikishashika mchanga.